Nichague baa ipi ya protini? Namba za kutazama nyuma ya pakiti

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 41, kilo 68, na nanyanyua vyuma mara tatu kwa wiki. Saa nne asubuhi kazini nakula baa ya protini badala ya vitafunwa. Nazungusha aina tatu: ya kwanza imeandikwa 'Gramu 20 za protini, sukari gramu 2 tu', ya pili 'Haina sukari iliyoongezwa', ya tatu 'Protini nyingi'. Bei zake ni 300, 150 na 180. Vipimo vya mwezi uliopita vilionyesha sukari yangu ya damu imepanda kidogo, ingawa si kisukari. Halafu kuna siku tumbo linajaa gesi mpaka naona aibu kukaa kwenye kikao. Nimeambatanisha picha za nyuma ya pakiti zote tatu. Ninunue ipi?"*

Dada yangu, nashukuru umetuma picha za nyuma, maana za mbele zisingenisaidia kitu. Nikuambie mapema: kati ya hizo tatu hakuna ambayo ningependa uile kila siku, na kila moja ina sababu yake. Hiyo gesi karibu nina uhakika inatoka kwenye ile ya kwanza. Ila nikikutajia tu jina la baa nyingine nitakuwa nimekusaidia mara moja, na mwezi ujao kiwanda kitabadilisha mapishi ubaki ulipoanzia. Afadhali tuzikague hizi tatu pamoja, kisha uende dukani ukiwa na hesabu yako mwenyewe.

Kwanza nikuondolee dhana moja ambayo watu wengi huja nayo, kwamba maandishi ya mbele ni uongo. Si uongo. Yote matatu uliyoyanukuu ni ya kweli, na yanaruhusiwa kisheria. Shida ni kwamba kila moja linajibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Chukua baa yako ya tatu, yenye "Protini nyingi". Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2006 inayosimamia madai ya aina hii inaruhusu chakula kuandikwa hivyo iwapo angalau asilimia 20 ya nishati yake inatokana na protini. Ikifika asilimia 12 tu, kinaweza kuitwa "chanzo cha protini". Sasa tazama jedwali la baa hiyo: gramu 11 za protini, kalori 211. Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, kwa hiyo protini inachangia kalori 44. Gawa 44 kwa 211 upate asilimia 21 hivi. Imepita, kwa kukwaruza. Maana yake pia ni kwamba karibu asilimia 79 ya nishati ya kitu kinachoitwa "Protini nyingi" inatoka kwingine, na kwingine kwenyewe ni gramu 9 za mafuta na gramu 20 za wanga, ambazo 14 kati yake ni sukari. Mwandishi wa pakiti hakukudanganya. Alikuambia baa imevuka mstari fulani, akanyamaza kuhusu imeuvuka kwa kiasi gani na imebeba nini kingine.

Baa ya pili, "Haina sukari iliyoongezwa", ndiyo inayowapoteza watu walioonywa kuhusu sukari kama wewe. Kwenye orodha ya viambato, kitu cha kwanza ni tende zilizosagwa. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kizito kikitangulia, kwa hiyo tende ndizo nyingi kuliko kingine chochote humo. Tende kavu ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Hakuna aliyemwaga sukari kwenye mashine, na kwa sababu hiyo maneno ya mbele yana haki ya kuwepo, lakini jedwali linasema gramu 17 za sukari kwenye baa ya gramu 40. Nyuzinyuzi za tende husaidia kupunguza kasi kidogo, na si sawa kabisa na kunywa soda. Hata hivyo zikishasagwa kuwa uji mzito na kuliwa peke yake saa nne asubuhi, zinaingiza glukosi kwenye damu, na damu haiulizi kama ilitoka kwenye tunda au kwenye mfuko.

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe. Nimeandika upya namba zako, nikaacha zile zisizotusaidia. Baa ya kwanza ina gramu 60, protini 20, sukari 2, kalori 220, bei 300. Ya pili ina gramu 40, protini 7, sukari 17, kalori 173, bei 150. Ya tatu ina gramu 50, protini 11, sukari 14, kalori 211, bei 180.

Ukizitazama hivyo zilivyo huwezi kuzilinganisha, kwa sababu uzito wa kila moja ni tofauti. Wengi hukimbilia safu ya gramu 100, na si vibaya, inaonyesha ipi imejaa protini zaidi. Lakini wewe huli gramu 100, unakula baa, na unanunua kwa ajili ya protini. Kwa hiyo mimi hupenda kuuliza hivi: nikitaka gramu 20 za protini kutoka kwenye kila moja, nitalipa kiasi gani, na nitameza sukari kiasi gani njiani? Ni kugawa na kuzidisha tu, simu yako inatosha.

Bei gawa kwa gramu za protini, kisha zidisha kwa 20. Baa ya kwanza ni 300, kwa kuwa tayari ina 20. Ya tatu ni 180 gawa kwa 11, mara 20, inakuja karibu 327. Ya pili, ile ya bei rahisi ya 150, inakuja karibu 429. Unaona? Iliyo rahisi rafuni ndiyo ghali kuliko zote ukiinunua kwa ajili ya protini, kwa sababu umelipia tende na karanga zilizopambwa kwa protini kidogo. Hakuna ubaya kulipia tende na karanga kama ndizo unazozitaka. Ubaya ni kuzilipia ukidhani umenunua kitu kingine.

Fanya vivyo hivyo kwa sukari. Ili upate gramu 20 za protini, baa ya kwanza inakupa gramu 2 za sukari, ya tatu inakupa karibu 25, na ya pili karibu 49. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ni bora zaidi ikikaa chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 5 ni kama gramu 25. Sukari ya baa yako ya tatu inatoka kwenye sharubati ya glukosi na chokoleti, kwa hiyo baa moja pekee inakula zaidi ya nusu ya kiasi hicho kabla hujagusa chai ya mchana.

Hadi hapa baa ya kwanza inaonekana imeshinda kila kitu, bei na sukari. Kama ningeishia kusoma jedwali, ningekuambia uinunue. Lakini tuna safari mbili zaidi kwenye pakiti ile ile, na zote zinabadilisha jibu.

Safari ya kwanza ni kwenye protini yenyewe. Maabara haihesabu protini moja kwa moja. Kwa kawaida inapima naitrojeni iliyomo kwenye chakula, halafu inazidisha kwa namba maalumu, mara nyingi 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Njia hiyo inatosha kwa mambo mengi, ila haitofautishi protini ya yai na protini ya ngozi ya ng'ombe. Mwili wako unatofautisha. Ili ujenge msuli unahitaji asidi amino zote tisa ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, kwa pamoja na kwa kiasi kinachofaa. Protini za maziwa, mayai na soya zinazo zote vizuri. Kolajeni, inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, imekosa kabisa moja inayoitwa triptofani, na nyingine inazo kwa uchache. Ni malighafi inayopendwa na watengenezaji kwa sababu inaifanya baa iwe laini na inayotafunika kwa urahisi, na inapandisha namba ya protini kwenye lebo.

Soma kiambato cha kwanza cha baa yako: "mchanganyiko wa protini", kisha kwenye mabano kolajeni imetajwa kwanza, ikifuatiwa na protini ya maziwa na protini ya soya. Kwa mpangilio wa uzito, kolajeni ndiyo inayoongoza mchanganyiko huo.

Bahati nzuri pakiti hii ina jedwali la mtindo wa Kimarekani, na jedwali la namna hiyo lina kitu kimoja ambacho karibu kila mtu hukiruka. Marekani, bidhaa ikijisifu kuhusu protini, lazima iandike pia asilimia ya mahitaji ya siku, na asilimia hiyo hukokotolewa baada ya kusahihisha ubora wa protini. Mahitaji ya siku kwenye lebo zao yamewekwa kuwa gramu 50. Gramu 20 za protini bora kabisa zingekuwa asilimia 40. Kwenye picha yako, mstari wa protini una "20 g" upande wa kushoto, na upande wa kulia kabisa, kwa herufi ndogo, "26%". Asilimia 26 ya 50 ni gramu 13. Kwa kipimo cha ubora, kilichomo humo kinafanya kazi kama gramu 13 za protini bora.

Rudia hesabu ya bei ukitumia 13. Gramu 20 za protini yenye ubora huo sasa zinagharimu karibu 462, wala si 300. Baa ya tatu, ambayo protini yake inatoka kwenye maziwa ya unga na soya, inabaki kwenye 327 au juu yake kidogo. Mshindi wetu ameteremka nyuma ya baa ya tatu.

Hapa lazima nikutendee haki, maana kuna watu wakisikia hivi hutangaza kolajeni ni takataka. Hapana. Protini unazokula kwa siku nzima husaidiana: ukila mayai asubuhi na maharage usiku, yanaziba pengo la kolajeni ya saa nne, na zile gramu 7 zilizokatwa hazipotei hewani. Kipimo kile kinaihukumu baa kana kwamba ndiyo chakula chako pekee. Hoja yangu ni ya fedha: umetozwa bei ya protini ya maziwa, ukapewa mchanganyiko unaoongozwa na kolajeni. Na kama pakiti haina jedwali la Kimarekani, huna asilimia ya kukusaidia, unabaki na orodha ya viambato tu. Ukiona kolajeni au jelatini mwanzoni mwa orodha, usilipe bei ya juu.

Safari ya pili ni kwenye "sukari gramu 2 tu", na hapa ndipo tumbo lako linapoingia.

Mstari wa sukari kwenye jedwali unahesabu sukari sahili peke yake: glukosi, fruktosi, sukari ya mezani, sukari ya maziwa na wenzake. Hauhesabu wanga wa minyororo mirefu. Maltodekstrini, kwa mfano, ni unga unaotokana na wanga wa mahindi au viazi. Haihesabiwi kuwa sukari, lakini tumboni inakatwa haraka kuwa glukosi na kupandisha sukari ya damu sawa na sukari ya mezani au hata zaidi. Mstari huo hauhesabu pia alkoholi za sukari, ambazo si pombe wala si sukari, ni vitamu vilivyo katikati. Baa yako ina gramu 25 za wanga kwa jumla. Ondoa nyuzinyuzi 3 na sukari 2, zinabaki gramu 20 ambazo maandishi ya mbele hayakuzigusa. Jedwali linasema 14 kati ya hizo ni alkoholi za sukari, na orodha ya viambato inataja maltitoli.

Maltitoli inavunjwa na kufyonzwa kwa sehemu tu kwenye utumbo mwembamba. Sehemu inayofyonzwa hupandisha sukari ya damu, kwa kiasi kidogo kuliko sukari ya mezani lakini si sifuri, na mtu aliyeambiwa sukari yake imepanda anapaswa kulijua hilo. Sehemu isiyofyonzwa inateremka hadi utumbo mpana ikivuta maji pamoja nayo, na huko inakutana na bakteria wanaoichachusha. Matokeo ya kuchachusha ni gesi. Matokeo ya maji yaliyovutwa ni tumbo kunguruma na, kwa kiasi kikubwa zaidi, kuharisha. Umoja wa Ulaya unalazimisha chakula kilichoongezwa vitamu hivi kwa zaidi ya asilimia 10 kiandikwe onyo kwamba ukila kupita kiasi kinaweza kuharisha. Baa yako ina gramu 14 ndani ya gramu 60, ambayo ni asilimia 23.

Sasa weka pamoja: gramu 14 za maltitoli, tumbo tupu saa nne, kikao saa tano. Umeniambia gesi huja baadhi ya siku, nami ningependa ujue ni siku zipi. Acha baa ya kwanza kwa wiki mbili bila kubadilisha kitu kingine, uandike siku tumbo linapojaa. Kisha irudishe siku mbili, kama hutaona shida kujaribu ukiwa nyumbani. Gesi ikipotea na kurudi pamoja na baa, umepata jibu bila kipimo chochote. Isipopotea, usiilaumu baa. Tutafute kwingine, kuanzia na maziwa, kwa sababu baa ya tatu ina maziwa ya unga na watu wazima wengi hawamudu vizuri sukari ya maziwa.

Si alkoholi zote za sukari zinazofanana, na kwa hili nasihi usiziogope jumlajumla. Eritritoli hufyonzwa karibu yote kwenye utumbo mwembamba na kutoka kwa mkojo, kwa hiyo haiwafikii sana bakteria na huleta gesi kidogo tu. Maltitoli na sorbitoli ndizo zenye kesi nyingi. Na kama una mbwa nyumbani, baa yenye ksilitoli usiiache mezani, kwa mbwa ni sumu.

Kuna lebo utakutana nazo zenye "wanga halisi gramu 4" au maneno ya kufanana na hayo, ambapo kiwanda kimetoa nyuzinyuzi na alkoholi zote za sukari kwenye jumla. Kwa baa yako hesabu hiyo ingetoka gramu 8, kana kwamba gramu zote 14 za maltitoli hazigusi damu. Umeshaona kwamba sehemu yake inagusa. Mimi hutoa nyuzinyuzi zote na nusu tu ya maltitoli, hivyo kwa baa yako napata wanga wa gramu 15. Ni makadirio, lakini yako karibu zaidi na kitakachotokea kwenye damu.

Kama una kipimo cha sukari cha nyumbani, au una ndugu mwenye nacho, unaweza kuona kwa macho yako. Pima kabla ya kula, kisha saa moja baadaye, kisha saa mbili baadaye, siku tofauti kwa kila baa, saa ile ile, bila kuongeza chai yenye sukari wala kutembea sana katikati. Usijipe ugonjwa wala kujivua ugonjwa kwa namba hizo. Tazama tu tofauti kati ya baa na baa. Nadhani utaona ile ya tende inapanda juu kuliko nyingine, na ile ya "sukari gramu 2 tu" inapanda zaidi ya maneno yake.

Tuje kwenye kununua. Baa ya nne unayoitafuta, kwa hali yako, iwe na protini gramu 15 au zaidi, kiambato cha kwanza kiwe protini ya maziwa, ya wei au ya soya kwa jina lake, sukari isizidi gramu 5, na alkoholi za sukari zisizidi gramu 5 hivi hadi ujue tumbo lako linavumilia kiasi gani. Ukishapata mbili tatu zinazotimiza hayo, hapo ndipo bei iamue, na iamue kwa gramu ya protini. Usisumbuliwe na tofauti ya gramu moja au mbili kati ya baa na baa. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012 unakubali kwamba kilichopimwa kinaweza kupishana na kilichoandikwa kwa hadi asilimia 20 kwa vyakula vyenye protini ya kiwango hiki, kwa hiyo "20" na "19" ni kitu kimoja.

Kabla ya kugawa, hakikisha jedwali linazungumzia baa nzima. Zipo pakiti ambazo kipimo cha kuliwa ni nusu ya baa, na namba zote, pamoja na ile nzuri ya sukari, ni za nusu. Na ukinunua kwa boksi, gawa bei ya boksi kwa idadi ya baa kwanza, maana boksi za baa 12 na za baa 10 huwekwa rafu moja zikiwa na ukubwa unaokaribiana.

Kuna ulinganisho mwingine ambao hakuna pakiti itakayokuandikia. Yai moja la kawaida lina gramu 6 hivi za protini, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8 hivi, na zote ni za ubora wa juu. Mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya maziwa ni gramu 20, bila maltitoli, na sukari ni ile gramu 12 hivi ya maziwa yenyewe. Chukua bei za unakonunua wewe, ugawe kwa gramu za protini kama tulivyofanya. Mara nyingi sana baa hushindwa hapo. Inachokuuzia baa ni kutokuharibika mkobani na kuliwa kwa mkono mmoja, na hivyo ni vitu vya thamani siku ambayo huna friji wala nafasi. Mimi ningeiweka kwa siku hizo, siyo kwa kila saa nne.

Na je, unaihitaji? Kwa kilo 68, kiwango cha chini cha kawaida cha gramu 0.8 kwa kilo kinatoka gramu 54 kwa siku. Kwa kuwa unanyanyua vyuma, gramu 1.4 kwa kilo inafaa zaidi, na hiyo ni kama 95. Andika unachokula kwa siku tatu za kawaida, ujumlishe protini. Ukiwa tayari uko kwenye 90, baa haikuongezei msuli, inakuongezea kalori tu. Ukiwa kwenye 60, pengo ni kubwa kuliko baa moja, na ni mlo wa mchana au wa usiku unaotakiwa kubadilika.

Kuhusu hiyo sukari ya damu, usiishie kwenye baa. Hukuniambia kilichopimwa kilikuwa nini. Kama ni kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kati ya asilimia 5.7 na 6.4 ndiyo hali inayotangulia kisukari kwa vigezo vya Chama cha Kisukari cha Marekani. Kama ni kipimo cha alfajiri kabla ya kula, ni kati ya milimoli 5.6 na 6.9 kwa lita. Rudi kwa daktari wako na karatasi yenyewe, muulize kipimo kirudiwe lini, na mwambie unakula protini nyingi ili akuangalie figo pamoja. Mwenye figo zilizoanza kudhoofika hupangiwa kiasi cha protini na daktari, na hesabu yangu ya gramu 95 haimhusu. Ukianzishwa metfomini, dawa ya kushusha sukari ya damu, kumbuka nayo inaweza kuvuruga tumbo mwanzoni, kwa hiyo jaribio la wiki mbili lifanye kabla hujaanza dawa au baada ya tumbo kuizoea.

Na usisubiri jaribio lolote iwapo kuna damu kwenye choo, unapungua uzito bila kukusudia, kuharisha kunakuamsha usiku, au maumivu yanayokaza na kutapika. Hayo hayaletwi na maltitoli ya saa nne, nenda ukaonwe wiki hiyo hiyo, na ukiwa na maumivu makali na kutapika, nenda siku hiyo hiyo.